Pengo kwenye Ubao wa Tawakkul

Tawakkul aliponipigia simu kutoka Karachi nilikuwa nakanda unga, na daftari langu la darasa la jioni nilikuwa nimeliweka juu ya kabati lisilowe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeficha kicheko.

"Shahtaj, nimeandikisha shairi kwenye ubao wa nyuma wa lori. La kwako."

"Linasemaje?"

"Aa, wapi! Kule darasani unasoma au unasinzia? Nikifika nyumbani utasimama nyuma ya lori, ulisome mwenyewe."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa nitakuzungusha nalo mpaka Peshawar na kurudi, umekaa juu ya vitunguu, mpaka ulijue."

Nilicheka, na unga ukaingia kwenye simu. Hakufika. Mlima uliporomoka barabarani, na mawe yakalikuta lori lake kwenye kona. Mwenyezi Mungu alimchukua mbele ya macho ya madereva wenzake, nao ndio waliomleta.

Nikakaa eda kama dini inavyotaka. Niliswali, nikasoma dua nilizozijua, na kila nilipofungua daftari niliona aibu kidogo, kwa sababu herufi ambazo marehemu alinitaka nizijue zilikuwa ndiyo kwanza zinakaa kichwani. Kumbe wakati mimi niko ndani, huko nje lori lilikuwa limeburutwa hadi gereji hapa Rawalpindi. Injini ilikuwa nzima lakini bodi imevunjika vibaya. Mafundi waliibomoa. Vyuma vikaenda kwa wanunua vyuma chakavu, mbao zikaenda kwa mwoka mikate. Ubao wa nyuma uliivisha chapati za mtaa mzima. Hakuna aliyedhamiria ubaya. Ni kwamba hakuna aliyefikiri kuna mtu anausubiri.

Nilipotoka eda nilimwuliza shemeji yangu Nosherwan, mdogo wake Tawakkul, shairi lilisemaje. Yeye ndiye angeendesha lori likishapata bodi mpya, maana wanangu wanaorithi bado wadogo.

"Shairi?" alisema. "Shairi la lori, shemeji. Kama malori yote. Nenda polepole, nyumbani wanakungoja, mambo hayo."

"Uliliona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Lisome basi."

Akakuna kidevu. "Nani anakariri mkia wa lori la kaka yake? Lakini ngoja, picha ninayo."

Tawakkul alikuwa amemtumia picha moja. Mwuza chai mmoja ndiye aliyeipiga, Tawakkul akiwa amesimama kando ya lori, mchana, jua la utosini, ameshika funguo juu kama mtu aliyeshinda mashindano. Nilimwangalia yeye kwanza. Niliangalia mpaka Nosherwan akageuka upande akajidai anatafuta kiberiti. Kisha nikaangalia ubao.

Mistari ilikuwa miwili, herufi nyeupe juu ya rangi nyekundu. Nikaanzia upande wa kulia, kama herufi zetu za Kiurdu zinavyokwenda, nikifuata kwa kidole. Mstari wa kwanza: *Nimeacha nyumbani taa*. Baada ya neno *taa* jua lilikuwa limepiga kwenye rangi mpya, likaacha weupe mtupu uliokula nusu nzima ya mstari. Mstari wa pili, mwanzoni, turubai lilikuwa limekunjwa likaning'inia, nalo lilifunika neno au maneno. Kisha: *polepole, nikirudi wewe*. Na hapo picha ikaisha. Mwuza chai alimtaka Tawakkul aonekane na miguu yake yote, basi akaishika simu wima, upande wa kushoto ukakatika.

Nilisoma tena. Nikasoma mara ya tatu kwa sauti. Hayo ndiyo maneno ya mume wangu ya kwanza niliyoyasoma mwenyewe, nami nilisimama kwenye kila pengo kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limekatika.

Nilimpelekea Baji Rukhshanda, mwalimu wetu wa jioni tunayemwita dada mkubwa. Mchana anafanya kazi kwenye maktaba inayopiga picha vitabu vya zamani na kunakili maandishi yake, kwa hiyo picha mbovu anazijua kama mkunga anavyojua matumbo. Aliikuza picha, akaigeuza, akapunguza mwanga, akaongeza.

"Penye mng'ao hamna kitu," alisema.

"Si tupunguze weupe?"

"Kukiwa na kivuli kidogo cha wino humo ndani, ukipunguza kinajitokeza. Hapa jua limepiga mpaka kamera imekosa cha kushika. Ni kama kikombe kilichomwagika, Shahtaj. Hata ukikikamua vipi hakitoi chai."

"Na hapa penye turubai?"

"Turubai ni turubai. Kamera haioni chini ya nguo." Akasogeza hadi ukingoni kushoto. "Lakini tazama hapa. Baada ya *wewe* kuna jino moja la herufi. Umeliona?"

Nililiona. Kijino kidogo cheupe ukingoni kabisa.

"Herufi gani hiyo?"

Nikafikiri. Kijino kama hicho kinaweza kuwa herufi sita tofauti, kutegemea nukta zimekaa juu au chini, na ziko ngapi. Nukta zenyewe zilikatwa pamoja na ubao.

"Sijui, Baji."

"Safi kabisa," alisema, kama vile nimejibu swali. "Sasa andika unachokiona. Penye mng'ao andika kuwa ni mng'ao. Penye turubai andika turubai. Mwisho andika kuwa picha imekatwa, kuna jino la herufi isiyojulikana. Na usihesabu maneno yaliyofichwa. Mwandishi wa ubao anaweza kuvuta herufi moja ikajaza shibiri nzima, au akabana maneno matano. Unaweza kupima upana wa pengo, basi."

"Na mimi nikidhani najua?"

"Dhana yako iandike karatasi nyingine, na juu yake uandike kwamba ni dhana. Zisilale kitanda kimoja."

Niliandika yote hayo kwenye daftari langu, nikaenda nalo gereji.

Fundi Kifayat ndiye aliyekuwa anachora lori letu. Ni mtu wa mkono mzuri. Tausi wake wanakaribia kulia. Tayari alikuwa ameshachora milima, mto, na jicho la kuzuia husuda juu ya kioo. Ubao wa nyuma ulikuwa mwekundu mtupu, na Nosherwan alikuwa amesimama hapo na karatasi mkononi. Wanaume wa gereji waliponiona nimeingia na mtandio wangu walinyamaza, mmoja akaficha sigara.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri," alisema Nosherwan. "Tumelipata. Fundi, soma."

Fundi Kifayat akasafisha koo kama mtu wa redioni:

"*Nimeacha nyumbani taa ya macho yangu;
nenda polepole, nikirudi wewe u wangu.*"

Mafundi wakasema, "Wah, wah!" Mmoja akapiga kopo la rangi kama ngoma.

"Nani kalisema hilo?" niliuliza.

"Kaka yako marehemu, mama," alisema Fundi Kifayat. "Yaani mumeo."

"Yeye alisema *nimeacha nyumbani taa*. Na *polepole, nikirudi wewe*. Mengine kayasema nani?"

"Mengine yanajisema yenyewe! Mimi nimeandika mbao za nyuma tangu sijaota ndevu. Neno likija kabla ya *polepole* ni *nenda*. Siku zote! Umewahi kuona lori linasema 'lala polepole'?"

Wakacheka. Nosherwan naye akacheka, kisha akaongeza kwa upole, "Na mimi nililiona, shemeji. Nakumbuka kabisa. *Nenda polepole*."

"Jana hukukumbuka."

"Leo nimekumbuka."

"Baada ya Fundi kukusomea?"

Akaikunja ile karatasi.

Nikasema, "Hilo shairi ni zuri, Fundi. Liandike kwenye lori lako. Lori hili haliandikwi neno ambalo halikuonekana."

"Sasa niandike nini? Nusu sentensi?"

"Nusu sentensi. Na mapengo."

Mtu mmoja chini ya ekseli akasema, "Lori la kibogoyo!" Wakaangua kicheko. Nilihisi uso unawaka chini ya mtandio. Nilimwomba Mungu asinitoe machozi mbele yao, naye akanisikia.

Nosherwan alinivuta kando. "Shemeji, watu watatucheka kutoka hapa hadi mpakani Khunjerab. Na kaka watamcheka. Unataka hivyo?"

"Nosherwan, mimi nimejifunza kusoma ukubwani, vidole vimeshakakamaa kwa kufua. Unadhani nilijifunza ili nije nisome maneno ya Fundi Kifayat? Tawakkul aliniambia nisome *lake*. Nikikubali hili leo, kesho wanangu watalisoma wakisema baba alisema. Keshokutwa na mimi nitaamini. Hapo ndipo nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu."

Aliitia karatasi yake mfukoni. Lakini hakukubali.

Siku ya pili yake alikuja nyumbani na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa amepeleka picha kwa kijana wa studio, yule mwenye kompyuta ya kusafisha picha za harusi.

"Tazama," alisema, akanipa picha iliyochapwa. "Mashine haina upande, shemeji. Imesafisha tu."

Nikaitazama. Mng'ao haukuwepo. Ubao ulikuwa mwekundu sawasawa kutoka kulia mpaka kushoto, na herufi zimekaa wazi, nzuri, zinang'aa. *Taa ya macho*. *Nenda polepole*. Kwa muda, na Mungu ananiona, nilitaka iwe kweli. Nilitaka sana kupumzika.

Kisha nikaiweka kando ya picha ya kwanza, nikaanza kulinganisha kwa kidole kama nilivyozoea.

"Nosherwan, turubai limeenda wapi?"

"Turubai gani?"

"Hapa lilikuwepo, limekunjwa, limening'inia. Kwenye picha yako halipo. Kijana wa studio alipanda kwenye picha akalikunjua?"

Akainama.

"Na bawaba hii. Ya kwanza ina bawaba tatu. Hii ina nne. Na mkono wa Tawakkul, hebu hesabu vidole."

Akahesabu. Akahesabu tena. Uso ukambadilika, maana kaka yake hakuwa na vidole sita.

"Ulimwambia kijana kwamba maneno ni yapi?" nikauliza.

"Nilimwambia... nilimsaidia kidogo. Alisema mashine inataka kuelekezwa."

"Basi mashine imekurudishia cha mfukoni mwako mwenyewe, ukaona ni zawadi."

Alikaa kwenye kitanda cha kamba uani, akaishika ile picha muda mrefu. Kilichomuuma, nadhani, ni kile kidole. Hakusema nimeshinda. Alisema, "Fundi atakataa."

"Twende wote."

Fundi Kifayat hakukataa, lakini alitukana kwa heshima. Alisema jina lake liko kwenye kona ya kila ubao anaochora, na sasa watu watasema Kifayat aliishiwa rangi. Alisema walau aweke waridi kwenye pengo, au njiwa, au taji.

"Njiwa akikaa pale, nani atajua kwamba pana neno?" nilimwuliza.

"Ndiyo uzuri wake! Hakuna atakayejua."

"Ndiyo ubaya wake, Fundi."

Alinitazama. Kisha akachukua rula na chaki, akanuna, akaanza kupima kwenye picha. Hapo nilimheshimu, kwa sababu ingawa alinuna hakufanya ovyo. Alichukua urefu wa herufi zinazoonekana, akalinganisha na upana wa ubao, akaweka kila neno mahali pake hasa lilipokaa kwenye picha. Penye mng'ao akaacha wekundu mtupu, na pembeni akachora mabano mawili membamba meupe, moja kila upande, ili mtu ajue hapo hapakusahauliwa. Penye turubai hivyo hivyo. Mwishoni, baada ya *wewe*, akachora kale kajino, peke yake, bila nukta.

"Nisiweke hata nukta moja?" alinong'ona, kama anayeomba chumvi.

"Hata moja."

Lori likatoka. Na kweli walicheka. Nosherwan alinipigia simu kutoka Hasan Abdal akisema polisi wa kizuizini amemwuliza kama lori limepigwa ngumi mdomoni. Abbottabad, dereva mmoja alimpa tambuu akasema ni gundi ya meno. Hotelini Mansehra wahudumu walifanya mashindano ya kujaza mapengo, na mambo mengine waliyojaza hayafai kusemwa mbele ya shemeji.

"Niwaambie nini, sasa?" aliniuliza, amechoka.

"Waambie maneno ni ya Tawakkul, na yaliyobaki hatuyaoni. Mwenye picha ya lori lake la zamani, kwa nyuma, atuletee. Yeyote asiye na picha anywe chai yake."

"Wanasema wanakumbuka. Mmoja kaapa ilikuwa *taa ya jicho*. Mwingine kaapa *taa ya mafuta*. Mwingine anasema hakukuwa na taa, kulikuwa na *chui*."

"Waandike wote. Karatasi nyingine."

"Najua, najua," alisema. "Zisilale kitanda kimoja." Nikagundua ameanza kusema maneno ya Baji kabla yangu.

Katika siku hizo nilisali sana. Sikumwomba Mungu anionyeshe maneno ndotoni, ingawa mama mkwe alinishauri. Niliogopa kwamba nitaota ninachokitaka. Nilimwomba tu nisichoke kusema sijui.

Halafu Nosherwan akafika Besham. Kwenye hoteli ya madereva, mzee mmoja wa Swat aitwaye Daulat alikuwa anakula maharage, akainua macho, akaliona lori linarudi nyuma kuegesha. Akasimama na chapati mkononi.

"Hilo shairi nalijua," alisema.

"Kila mtu analijua," alimjibu Nosherwan. "Leo nimeshaambiwa chui."

"Sisemi naweza kulisoma kwa kichwa. Nasema nalijua lori. Tulikula tikitimaji nyuma yake, kule bandarini Karachi. Na wewe ulikuwepo, bwana! Ulitema mbegu juu ya kiatu changu. Nilipiga picha." Kisha akasema jambo ambalo Nosherwan alinisimulia mara nyingi. "Kama mngejaza, ningepita zangu. Mapengo haya ndiyo yamenisimamisha."

Akatafuta kwenye simu yake, akipita harusi, mbuzi, wajukuu, mpaka akaifikia. Nosherwan hakuisoma kwanza. Alinitumia, akanipigia.

"Isome wewe," alisema. "Mimi sijaangalia. Wallahi nimefumba macho."

Picha ilikuwa ya jioni, kivulini, bila mng'ao hata chembe. Turubai lilikuwa limekunjuliwa juu ya mzigo. Wanaume walikuwa wamechuchumaa na vipande vya tikitimaji, na nyuma yao ubao wa Tawakkul, mwekundu, wazi. Nikaenda kwenye dirisha lenye mwanga. Nikaanzia upande wa kulia, herufi moja moja.

*Nimeacha nyumbani taa inayojifunza kuwaka;*

Nikaketi chini. Nikasimama tena, kwa sababu mstari wa pili ulikuwa bado.

*isome polepole, nikirudi wewe*

Haikuwa *nenda*. Hakuwa anasema na dereva wa nyuma wala na dunia nzima. Alikuwa anasema na mimi, ninayesoma kwa kidole. Isome polepole. Nilikuwa ninaisoma polepole.

Na baada ya *wewe*, mahali pa neno la mwisho, palikuwa na bega. Bega pana, kanzu ya kijivu, utosi umeelekea kamera, mtu amejiinamia tikitimaji lake kwa mikono miwili.

"Shemeji?" alisema Nosherwan kwenye simu. "Umesoma? Linasemaje?"

"Nosherwan, fungua macho."

Akafungua. Nikasikia lori lingine likipita kule Besham.

"Hilo ni bega langu," alisema.

"Ni bega lako."

"Nilikuwa nimeupa ubao mgongo."

"Ulikuwa unakula tikitimaji."

"Na nikakuapia niliona kwa macho yangu haya." Alianza kucheka, na mimi nikaanza, kisha tukawa tunalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa mlima, na Mzee Daulat nikamsikia akiuliza, "Kuna nini? Tikitimaji lilikuwa bovu?"

Baji Rukhshanda alizikagua picha zote mbili kabla ya kuniruhusu kufurahi. Alitaka kujua kama ni ubao ule ule. Tulilinganisha bawaba, mchubuko wa rangi chini ya neno *taa*, na namna mwandishi alivyoupinda mkia wa herufi moja. Maneno yaliyoonekana kwenye picha zote mbili yalilingana. Ndipo akaniambia niandike, na pembeni niandike neno gani limetoka picha ipi.

Lori liliporudi, Fundi Kifayat alikuwa ameshasikia. Alitukaribisha na chai, na brashi ipo tayari nyuma ya sikio.

"*Inayojifunza kuwaka*," alisema. "Subhanallah. Nami nikaweka macho yangu, kama kila mpumbavu." Akajaza pengo la kwanza. Akajaza la pili, *isome*, kwa mkono uliotulia. Kisha akahamia kushoto, akachovya brashi, akanigeukia. Macho yanamng'aa.

"Na sasa mama, sikiliza. Sasa tuna vina. *Kuwaka*. Kwa hiyo mwisho ni *-ka*. Na jino tunalo. Ni *utacheka*! *Isome polepole, nikirudi wewe utacheka.* Si linamfanana? Mtu wa mzaha?"

"Linamfanana sana."

"Eee!"

"Inaweza pia kuwa *kumbuka*. Au *amka*. Au *utatamka*, kwa sababu alitaka nimsomee kwa sauti. Au hakujali vina, maana hakuwa mshairi, alikuwa mbeba vitunguu."

"Lakini wewe unaonaje? Moyoni?"

"Moyoni naona *utacheka*. Nimeliandika nyumbani, kwenye karatasi, na juu nimeandika *dhana ya Shahtaj*. Hapa, Fundi, pana bega."

Akashusha brashi. "Mama, neno moja! Baada ya tabu yote hii, neno moja tu. Nani atakudai?"

Kabla sijajibu, Nosherwan alisogea. Alisimama kati ya Fundi na ubao, mahali pale pale, kushoto, bega lake limeziba pengo kama lilivyoziba kule bandarini. Safari hii alikuwa ametazama mbele.

"Bega ni langu," alisema. "Na mimi sijui nilichoziba. Likae hivyo."

"Watakucheka tena."

"Wacheke. Nitawapa tambuu."

Yule mtu wa chini ya ekseli akatoa kichwa. "Kwa hiyo limebaki kibogoyo?"

"Jino moja lipo," nilimjibu. "Limeng'ang'ania. Chunga lisikuume."

Walicheka, na mimi sikuona moto wowote usoni. Fundi Kifayat alichora mabano yake mawili membamba baada ya kale kajino, akaandika jina lake kona ya chini, kubwa kuliko kawaida.

Nosherwan akawasha injini. Niliwasimamisha wanangu chini, nyuma ya lori, mkubwa na mdogo, nikawashika mabega, nikawaambia wasome. Mkubwa alisoma haraka haraka mpaka *nikirudi wewe*, akasimama, akanitazama.

"Hapa pana nini, mama?"

"Hapo baba alisema neno, na hatujaliona."

"Nilifikirie?"

"Lifikirie upendavyo. Ila usilisome."

Lori likaondoka, likaingia barabara kuu pamoja na tausi wake na milima yake na pengo lake. Nikawaambia wanangu wanyooshe mikono, tukaiombea safari ile dua, yote, mpaka mwisho.